Everton walizikataa pesa za kubeti, njaa ikawarudisha

Julai 13, 2017 Uwanja wa Taifa ulijaa watu waliokuja kumuona Wayne Rooney. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi Everton akitokea Manchester United, na bao lake la kwanza baada ya kurudi nyumbani hakulifunga Liverpool. Alilifunga Dar es Salaam, kwa shuti la mbali, dhidi ya Gor Mahia ya Kenya. Mechi ikaisha 2-1 na watu wakarudi makwao wakiwa na stori ya kusimulia miaka.

Kilicholeta Everton Dar kilikuwa kimeandikwa kifuani mwa jezi. SportPesa walikuwa wamesaini nao miezi miwili kabla, mkataba wa miaka mitano ambao klabu yenyewe iliutaja kuwa mnono kuliko wote katika historia yake. Magazeti ya Uingereza yaliuweka kwenye pauni 9.6 milioni kwa mwaka. Wakati huohuo SportPesa walikuwa wanaingia Simba na Yanga, kwa hiyo shabiki wa hapa alizikuta timu tatu anazozifahamu zikiwa na maandishi yaleyale kifuani.

Kilichofuata baada ya hapo ndicho kinachofaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kinaonyesha jinsi klabu inavyoweza kusema jambo jema, ikamaanisha, na bado ikashindwa kulitenda.

Everton wanajiita klabu ya watu. Jina hilo lilianza na David Moyes, siku alipotambulishwa kuwa kocha mwaka 2002, akisema watu anaokutana nao mitaani Liverpool ni mashabiki wa Everton. Klabu ikalichukua, ikaligeuza kuwa sura yake. Na sio maneno matupu. Taasisi yao ya kusaidia jamii ipo tangu 1988 na inafanya kazi katika mitaa ambayo maisha ni magumu, ikiwemo kushughulika na watu wenye matatizo ya afya ya akili.

Sasa klabu ya namna hiyo kuvaa nembo ya kampuni ya kubeti kuna mkwaruzo ndani yake. Januari 2020, kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, mtendaji mkuu wa wakati huo, Denise Barrett-Baxendale, alikiri hivyo hadharani. Alisema kwamba kama mambo yangekuwa yanakwenda kama wanavyopenda, wangechagua mdhamini wa aina nyingine. Mwezi mmoja baadaye klabu ikatangaza kuvunja mkataba na SportPesa miaka miwili kabla ya muda wake. Jezi ya msimu uliofuata ikabeba jina la Cazoo, kampuni ya kuuza magari mtandaoni.

Watu walipiga makofi. Ilionekana Everton wamelipa gharama ya kile wanachokiamini.

Lakini ukiangalia kwa jicho la mhasibu, gharama yenyewe haikuwa kubwa. SportPesa ilikuwa kwenye msukosuko wa leseni na kodi kule Kenya, ilikokuwa chimbuko lake, na mwaka 2019 ilisimamisha shughuli zake huko na kufuta udhamini wake wa michezo nchini humo. Aliyeachana na Everton hakuwa mdhamini aliyekuwa kwenye ubora wake. Na mnunuzi mwingine wa kifua alipatikana haraka. Klabu haikuandika popote kwamba haitavaa tena nembo ya kubeti. Kilichobaki kwenye kumbukumbu ni kauli ya kiongozi mmoja kwenye mkutano mmoja.

Mtihani halisi ulikuja 2022, na ulikuja siku mbaya.

Machi 2 mwaka ule, siku chache baada ya Russia kuivamia Ukraine, Everton walisimamisha udhamini wa kampuni tatu zenye uhusiano na bilionea Alisher Usmanov: USM, MegaFon na Yota. USM ilikuwa na jina lake kwenye uwanja wao wa mazoezi wa Finch Farm, na ilishawahi kulipa pauni 30 milioni kwa ajili tu ya kuwa wa kwanza kwenye foleni ya kununua jina la uwanja mpya. Mwezi huohuo klabu ikatoa hesabu za msimu wa 2020/21 zikionyesha hasara ya pauni 120.9 milioni. Ukijumlisha na misimu miwili ya nyuma yake, hasara ilikuwa pauni 372 milioni. Uwanja mpya ulikuwa unajengwa na bili zake zilikuwa zinaingia. Timu yenyewe ilikuwa inachungulia shimo la kushuka daraja, hadi Mei 19 ilipotoka nyuma 2-0 na kuifunga Crystal Palace 3-2, mashabiki wakavamia uwanja kwa furaha ya kubaki tu.

Kwenye hali hiyo, Juni 2022, wakaja Stake, kampuni ya kamari ya mtandaoni. Dili la miaka kadhaa, kubwa kuliko lolote ambalo Everton waliwahi kusaini kwa ajili ya kifua cha jezi. Zaidi ya mashabiki 20,000 walisaini ombi la kutaka livunjwe. Barrett-Baxendale alikuwa bado ndiye mtendaji mkuu. Dili halikuvunjwa.

Ni rahisi kumcheka. Ila mwenye haki na aseme: angefanya nini? Klabu ilikuwa na shimo la mamilioni, ilikuwa inabanwa na kanuni za fedha za ligi, na miezi kumi na saba baadaye ingekatwa pointi 10 kwa kuvunja kanuni hizohizo, zikapunguzwa kuwa sita kwa rufaa, kisha wakakatwa mbili nyingine msimu uleule. Mtu anayezama hachagui kamba. Kosa halikuwa la Juni 2022. Lilikuwa la Februari 2020, pale klabu ilipokuwa na nafasi ya kuandika mstari na ikaridhika na makofi.

Maana yake ni nini kuandika mstari? Hapa ndipo klabu nyingi hukosea, za Ulaya na za kwetu. Neno kama "familia", "jamii" au "uadilifu" haliwezi kukataa chochote. Ukimpa afisa masoko neno "jamii" na ukampa ofa ya kampuni ya kamari, atakuambia fedha hizo zitajenga kituo cha vijana, kwa hiyo zinaisaidia jamii. Na hatakuwa amedanganya. Neno zuri linabeba kila kitu, na kitu kinachobeba kila kitu hakichuji.

Halafu kuna suala la nani analipwa kwa nini. Kwenye idara ya biashara ya klabu, mtu hupimwa kwa madili aliyoyafunga. Wengi wana kamisheni. Hakuna anayepata bonasi kwa dili alilolikataa. Ukimwachia mtu huyo peke yake ndiye aamue kama mdhamini fulani anaendana na maadili ya klabu, umemwomba ajikate mshahara kila anapojibu hapana. Watu wachache sana duniani watafanya hivyo mara mbili.

Norwich City waliliona hilo kwa aibu. Juni 7, 2021, wakiwa wamepanda Ligi Kuu, walitangaza mdhamini mpya wa jezi, BK8, kampuni ya kubeti yenye soko lake Asia. Iliripotiwa kuwa dili la pauni milioni tano, rekodi kwa klabu hiyo. Norwich wanajinadi kama klabu ya kifamilia, klabu ambayo mmiliki wake alikuwa Delia Smith, mama wa mapishi kwenye televisheni. Kabla siku haijaisha mashabiki wakawa wameshaingia kwenye kurasa za BK8 za mitandao ya kijamii na kukuta matangazo yaliyojaa wasichana waliovaa nusu uchi na michezo ya aibu. Siku tatu baada ya kutangaza, klabu ikaomba radhi na kuvunja mkataba.

Zingatia hapo. Hakuna siri iliyofichuliwa. Shabiki mwenye simu na bando alikipata ndani ya dakika chache kile ambacho idara nzima yenye wanasheria haikukiona kwa wiki zote za mazungumzo. Sio kwamba hawakujua kutafuta. Ni kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kutafuta sababu ya kusema hapana. Wanasheria waliangalia kama pesa zipo na leseni ipo. Swali la kama mama anaweza kumnunulia binti yake jezi hiyo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Norwich walikuwa na bahati. Lotus, watengenezaji wa magari ya kifahari ambao kiwanda chao kipo Hethel, jirani kabisa na mji huo, waliingia kifuani kabla ya mwezi kuisha. Klabu isiyo na Lotus jirani ingebaki na nini? Ingebaki inajitafutia maneno.

Ipo klabu moja iliyojaribu kuifanya kazi hii kwa njia ya taabu, na taabu yenyewe inaonekana. St. Pauli wa Hamburg, Ujerumani. Kwa makombe hawana lolote la kumtisha mtu, na jirani yao HSV amewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Kilichowapa jina ni kukataa.

Kwao sio mwenyekiti anayekataa. Wanachama ndio wanaokataa, kwa kura, na kura inaandikwa. Mwaka 2007 mkutano mkuu ulipitisha kwamba jina la uwanja wao, Millerntor, haliuzwi. Haikuandikwa "tutaheshimu historia ya uwanja". Iliandikwa kwamba hauuzwi. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo hadithi nzima. Ya kwanza ingempa rais wa klabu nafasi ya kuja na kampuni na kusema jina jipya linaheshimu historia. Ya pili inamfungia mlango kabla kampuni haijapiga simu, na anayetaka kuufungua lazima arudi kwa walewale waliopiga kura.

Na hawa walikuwa na sababu ya kujali majina. Kabla ya hapo uwanja ule ulibeba jina la rais wao wa zamani, Wilhelm Koch, hadi ilipofahamika kwamba alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Wanachama wakaliondoa jina lake mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu waliofuta jina la mzee wao wenyewe hawakuwa tayari kuliuza lililobaki kwa benki.

Upande wa pili wa mji, HSV waliuza. Uwanja wao wa Volkspark ukawa AOL Arena mwaka 2001, ukawa HSH Nordbank Arena 2007, ukawa Imtech Arena 2010, kisha 2015 ukarudishiwa jina lake la zamani. Imtech yenyewe ilianguka mwaka huohuo. Pesa waliingiza, hilo halina ubishi. Ila mtoto aliyezaliwa 2001 alifikisha miaka 14 akiwa ameuita uwanja mmoja kwa majina manne.

Usidhani St. Pauli ni malaika. Mwaka 2002 walikuwa na tangazo la jarida la wanaume uwanjani, wakaliondoa baada ya mashabiki kulalamika kwamba linawadhalilisha wanawake. Ungedhani somo limeeleweka. Waliporudi Bundesliga msimu wa 2010/11, klabu ikamkodisha mwenye baa ya wacheza uchi moja ya vyumba vya wageni maalumu, na humo wasichana walikuwa wanacheza wakati mechi inaendelea. Ni klabu ileile, na maadili yale yale yalikuwa tayari yameandikwa mwaka mmoja kabla, mwaka 2009, kwenye miongozo ambayo mashabiki na klabu waliikubali pamoja. Januari 2011 uwanja ukajaa bendera nyekundu za fuvu, alama ya mashabiki kusema imetosha, na uongozi ukanywea.

Hicho ndicho kipimo cha mstari ulioandikwa. Hauzuii viongozi kukosea, maana pesa itawatamanisha kila msimu. Unachofanya ni kumpa shabiki karatasi ya kuwashikia. Mashabiki wa Everton waliosaini ombi mwaka 2022 walikuwa wengi, lakini walikuwa wanaomba. Hawakuwa na kifungu cha kumwambia mtendaji mkuu kwamba amekivunja.

Sasa tuje kwenye swali ambalo mpenzi wa soka mwenye akili atauliza mapema: pesa iliyokataliwa inazibwa na nini? Hapa St. Pauli wanaonyesha utamu na uchungu. Waliachana na Under Armour mwaka 2021, kampuni ambayo baadhi ya mashabiki hawakuipenda kwa ukaribu wake na mambo ya jeshi na uwindaji, na wakaamua kutengeneza jezi zao wenyewe kwa lebo yao. Wazo tamu. Baada ya misimu mitatu wakasaini na Puma. Kuendesha kiwanda cha mavazi ni biashara nyingine kabisa, na klabu ya mpira ikijifanya fundi cherehani inabeba hasara za fundi cherehani. Walijaribu, wakarudi sokoni, na wakarudi bila kuvunja ile kura ya 2007, kwa sababu hakuna popote walipoapa kwamba hawatavaa jezi ya kampuni kubwa.

Kilichowafaa zaidi kilikuja Novemba 2024. Badala ya kuuza jina la uwanja au kumwita tajiri, walianzisha chama cha ushirika na kuuza hisa za uwanja kwa mashabiki. Hisa moja euro 850, na hata ununue kumi kura yako ni moja. Hadi dirisha linafungwa mwisho wa Machi 2025 walikuwa wamekusanya karibu euro 29 milioni kutoka kwa watu zaidi ya 21,000. Ushirika ukachukua sehemu kubwa ya umiliki wa Millerntor, klabu ikapunguza madeni yake.

Ni hela nyingi. Lakini zinaingia mara moja, hazirudi kila Julai kama za mdhamini. Na zilipatikana kwa sababu klabu ilikuwa imekataa kwa miaka kumi na saba mfululizo. Shabiki alitoa euro 850 kwa sababu alishaona mara nyingi kwamba hapana yao ni hapana. Klabu iliyouza kila kitu haiwezi kuamka asubuhi moja ikawaambia mashabiki waje wanunue imani.

Kwa hiyo Simba na Yanga? Hapo lazima mtu azungumze kwa adabu ya hesabu. Mwaka 2022 Simba walisaini na M-Bet mkataba wa miaka mitano uliotangazwa kuwa wa Sh26.1 bilioni, na kabla hata haujafika mwisho kifua kikahamia kwa Betway, kampuni nyingine ya kubeti. Mwaka huohuo wa 2022 Yanga waliongeza miaka mitatu na SportPesa kwa takribani Sh12.3 bilioni. Hela hizi zinalipa mishahara, tiketi za ndege za kwenda Algeria na Afrika Kusini, kambi. Anayesema klabu hizi zizikatae kesho asubuhi anazitakia Everton ya 2022 kwa njia ya kinyume: zitakataa Julai, zitakosa mishahara Oktoba, zitarudi kusaini Desemba kwa bei ya chini.

Wala isisemwe kwamba kukataa sio utamaduni wa huku. Novemba 2021 GSM walipotangazwa kuwa wadhamini wenza wa Ligi Kuu, Simba waligoma kuvaa nembo yao begani, kampuni hiyo ikiwa ndiyo mfadhili wa watani wao. Waligoma kweli, mechi baada ya mechi, mpaka Februari 2022 GSM wakajitoa. Uone upendavyo, ule ulikuwa uamuzi mgumu wa kibiashara uliosimama mbele ya shinikizo. Klabu ya Kariakoo inajua kusema hapana pale inapoamini rangi zake zimeguswa. Swali ni kama kuna kitu kingine kisichokuwa utani wa jadi ambacho klabu hizi zinakihesabu kuwa rangi zake.

Pa kuanzia pangekuwa padogo, na padogo ndipo panapotekelezeka. Tanzania mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Hiyo ni sheria. Lakini zunguka Manzese au Kirumba siku ya Dabi ya Kariakoo, utamkuta mtoto wa darasa la tatu na nembo ya kubeti imemjaa kifua kizima. Kwa Uingereza, ambako klabu zimejazana kamari kuliko mahali pengi, jambo hilo lilifungwa tangu 2007 kwa kanuni za sekta yenyewe: jezi ya saizi ya mtoto haibebi nembo ya kampuni ya kamari. Mdhamini analipia kifua cha mchezaji na cha mtu mzima, cha mtoto kinabaki wazi au kinapewa taasisi ya hisani.

Gharama yake kwa klabu ni ndogo na inahesabika. Kiwanda kinachapa toleo la pili kwa saizi za watoto. Mdhamini ataomba punguzo kidogo, au hataomba, kwa sababu naye kisheria hana wateja kwenye saizi hizo. Kifungu chenyewe ni mstari mmoja kwenye mkataba, na kinaingia wakati wa kusaini upya, sio katikati. Kikishasainiwa mara ya kwanza, mdhamini ajaye atakikuta mezani kama alivyokikuta mwenzake.

Kuna kifungu kingine cha jirani yake ambacho mikataba mingi ya udhamini inakikosa. Kawaida kifungu cha maadili humlinda mdhamini: mchezaji akikamatwa na kashfa, kampuni inaruhusiwa kujitoa. Mara chache kinageuzwa upande wa pili, kwamba kampuni ikinyang'anywa leseni, ikikwepa kodi au ikitangaza kwa namna ya BK8, klabu nayo inajitoa bila kurudisha kilicholipwa. Norwich walitoka kwa siku tatu wakiwa na mbadala jirani. Klabu ya hapa ikikwama na mdhamini wa aina ile katikati ya hatua ya makundi Afrika, bila kifungu hicho, itacheza nayo kifuani mpaka Mei.

Ligi Kuu England yenyewe imekuja na dawa ya nusu. Aprili 2023 klabu zake zilikubaliana kuondoa kamari mbele ya jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Mbele tu. Begani inaruhusiwa, mabango ya pembeni ya uwanja yanaruhusiwa. Nane kati ya klabu 20 zilikuwa na nembo hizo kifuani siku ya makubaliano, na zilipewa miaka mitatu ya kutafuta mbadala. Wengi walidharau muda huo, lakini ndio sehemu ya busara kuliko zote: klabu inayokataa ikiwa na misimu mitatu ya kujipanga haikatai ikiwa na njaa.

Everton waliutumia muda huo mpaka tone la mwisho. Mapema 2025 Stake walijiondoa kwenye soko la Uingereza, shabiki wa Liverpool akawa hawezi kucheza nao hata akitaka, na nembo ikabaki kifuani kwa ajili ya macho ya wanaotazama kwenye televisheni nje ya nchi. Timu ikahamia uwanja wake mpya nayo ikiwa imeivaa.

Na ile jezi ya bluu aliyoivaa Rooney Dar mwaka 2017? Dukani kwao Liverpool ilikuwa inauzwa kwa saizi zote msimu ule. Kwenye saizi za watoto, neno SportPesa halikuwepo.